Kuchaji simu kwa simu: kwa waya au kwa kuzibana migongo?

Simu ya mwenzako imebaki na asilimia 4, yako ina 70, umeme umekatika na pawabenki hakuna. Siku hizi simu nyingi zinaweza kugeuka zikawa chanzo cha umeme na kuigawia simu nyingine chaji. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuziunganisha kwa waya. Ya pili ni kuzilaza mgongo kwa mgongo, koili iliyo ndani ya moja ikirusha umeme kwenda kwenye koili ya nyingine. Hii ya pili ilianza mwaka 2018 na Huawei Mate 20 Pro, Samsung wakafuata mwaka 2019 na Galaxy S10, na Google wakaiweka kwenye Pixel 5 mwaka 2020. Ya waya ni ya zamani zaidi, na ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi hata kama hawajui.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama njia zote mbili zinawezekana, tumia waya. Bila waya kuna mahali pake, na nitapataja, lakini ni pachache kuliko matangazo ya simu yanavyotufanya tuamini.

Kwanza angalia kama chaguo lipo

Watu wengi wanalinganisha kasi kabla ya kujua kama simu zao zina uwezo huo. Kwa njia ya bila waya, simu inayotoa lazima iwe na uwezo wa kurusha, na inayopokea lazima iwe na koili ya kupokea. Kurusha ni sifa ya simu za bei ya juu: Samsung familia ya Galaxy S, Note za mwisho na zile za kukunja, Pixel kadhaa, na baadhi ya Huawei na Xiaomi za juu. Galaxy A, ambazo ndizo zimejaa mitaani, hazina. Kupokea ni rahisi kidogo, kwa sababu iPhone zilianza kupokea chaji bila waya tangu iPhone 8 ya mwaka 2017. Lakini iPhone haiwezi kuichaji simu nyingine kwa mgongo wake, na hilo linawashangaza wengi walioinunua kwa bei kubwa. Tecno, itel, Redmi na Infinix nyingi za bei ya kawaida hazina koili kabisa. Ukizilaza juu ya Galaxy S mpaka asubuhi, hazitapata hata tone.

Kwa waya mambo ni mepesi. Simu inayotoa inatakiwa tu iwe na uwezo wa OTG, yaani ule unaokuwezesha kuchomeka flashi kwenye simu. Ikisoma flashi, maana yake inatoa umeme kwenye tundu lake, na umeme huohuo unaweza kuichaji simu nyingine. Simu nyingi za Android zenye tundu la USB-C zinaweza. iPhone zinaweza kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, ilipoanza kutumia USB-C. Na simu inayopokea inaweza kuwa yoyote yenye tundu la chaji, hata kiswaswadu cha vitufe.

Kiasi kinachopotea njiani

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na inafaa kupaelewa vizuri, kwa sababu anayetoa chaji anatoa kitu ambacho na yeye anakihitaji.

Betri ya simu ina volti kama 3.85. Tundu la USB linataka volti 5. Kwa hiyo simu inayotoa lazima ipandishe volti, na inayopokea izishushe tena ili ziingie kwenye betri yake. Kila hatua inakula kidogo, na kinacholiwa kinageuka joto. Kwa waya, makadirio ya kawaida ni kwamba katika kila sehemu 100 zinazotoka kwenye betri ya kwanza, kama 75 zinafika kwenye betri ya pili.

Bila waya, hatua hizohizo zipo, halafu katikati kuna safari ya umeme kutoka koili moja hadi nyingine kupitia migongo miwili ya kioo. Koili za simu ni ndogo, na hakuna sumaku inayozishika zilingane. Ukizipanga vizuri unaweza kutegemea 45 hivi kati ya 100 zifike. Zikisogea sentimita moja, kinachofika kinapungua zaidi au kinakatika kabisa.

Tuchukue mfano ambao njia zote mbili zinafanya kazi, ili ulinganifu uwe wa haki. Dada ana Galaxy S23 Ultra, betri 5,000 mAh, imebaki na asilimia 70. Mdogo wake ana iPhone 13, betri yake ni takribani 3,200 mAh, imebaki na asilimia 3. Wamekaa stendi ya Magufuli pale Mbezi wakisubiri basi, na dada amekubali kutoa asilimia 20 ya chaji yake, zaidi ya hapo hataki. Asilimia 20 ya 5,000 ni mAh 1,000.

Wakitumia waya, katika hizo 1,000 zitafika kama 750. Kwa iPhone 13 hiyo ni asilimia 23, kwa hiyo simu ya mdogo inapanda kutoka 3 hadi 26 hivi. Wakizibana migongo, zitafika kama 450, yaani asilimia 14, na simu inaishia kwenye 17. Dada ametoa kilekile. Tofauti ya asilimia 9 imegeuka joto kwenye viganja vyao.

Kisha kuna suala la muda. Galaxy hiyo inatoa takribani wati 4.5, iwe kwa waya au kwa mgongo. Wati 4.5 ni kidogo sana ukikumbuka kwamba chaja za ukutani za siku hizi zinatoa wati 25, 45 na kuendelea. iPhone 15 nayo kwa waya inatoa hadi wati 4.5. Kwa waya, karibu zote zinafika kwenye tundu la mpokeaji, na kazi ya dada na mdogo wake itachukua saa moja hivi. Bila waya, wati 4.5 ni kile kinachorushwa. Kinachoingia kwenye betri ya pili kinaweza kuwa wati 2 tu.

Sasa fikiria simu yenyewe inakula kiasi gani. Ikiwa imezimwa kioo na data iko hewani, inakula kidogo. Ikiwa kioo kinawaka, mwanga umepandishwa kwa sababu ya jua na mtu anaangalia video, inaweza kula wati moja na nusu hadi mbili au zaidi. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba chaji ya mgongo kwa mgongo "haipandi". Inaingia, lakini inatumika palepale. Ukiamua kutumia njia hii, simu inayopokea iwekwe kwenye hali ya ndege, au izimwe kabisa, mpaka mmalize. Kwa waya unaweza kupokea simu huku chaji ikiendelea kupanda, ingawa polepole.

Waya na tatizo la nani anamchaji nani

Waya una usumbufu mmoja ambao bila waya hauna. Ukichukua waya wenye USB-C pande zote mbili ukaunganisha simu mbili za kisasa, zote mbili zinaweza kutoa na zote zinaweza kupokea. Zinaulizana kupitia pini maalumu ndani ya tundu, na mara nyingine matokeo yanakuwa kinyume: simu yenye asilimia 4 inaanza kuichaji yenye 70. Kugeuza ncha za waya hakusaidii, kwa kuwa pande zote ni sawa.

Kwenye Android, shusha paneli ya taarifa juu ya kioo, gusa taarifa ya USB, na utafute chaguo lililoandikwa `Charge connected device`. Kwenye simu unayotaka itoe, liwashe. Kwenye inayotakiwa kupokea, lizime. Majina hubadilika kidogo kati ya kampuni na kampuni lakini chaguo huwa hapohapo. Likigoma, chomoa waya, subiri kidogo, chomeka tena, kwa sababu mazungumzo yale huanza upya kila waya unapochomekwa na huenda safari hii yakaangukia upande unaoutaka. iPhone mbili zenye USB-C zinaamua zenyewe: inachajiwa ile yenye chaji ndogo.

Kwenye Oppo, Realme, OnePlus na vivo kuna jambo jingine. Nyingi zimeifungia OTG kwenye mipangilio. Tafuta `OTG connection` ukaiwashe, na ujue kwamba inajizima baada ya dakika chache ikiwa haitumiki. Mtu akikwambia simu yake ya Realme haitoi chaji, mara nyingi sababu ni hiyo.

Lakini dawa ninayoipenda kuliko zote ni kile kiadapta kidogo cha OTG: upande mmoja USB-C ya kuchomeka kwenye simu, upande wa pili tundu pana la USB kama la kompyuta. Kinauzwa kwa mafundi na wauza vifaa vya simu karibu kila mahali, na bei yake ni ndogo kuliko ya waya mzuri. Uzuri wake ni kwamba kinamaliza ubishi: simu yenye kiadapta ndiyo inayotoa, basi. Halafu kwenye lile tundu pana unachomeka waya wowote wa chaji wa kawaida, wa USB-C, wa Lightning wa iPhone za zamani, au wa micro-USB wa kiswaswadu. Waya wa mpokeaji unaamua, na waya huo mara nyingi anao mwenyewe kwenye begi. Dada wa mfano wetu akiwa na kiadapta hicho, hahitaji kuwa na waya wa iPhone. Mdogo wake anao.

Nimetaja kiswaswadu mara kadhaa kwa sababu hapo ndipo chaji ya simu kwa simu inapolipa kweli. Simu ya vitufe ina betri ya kama 1,000 mAh. Ukiipa asilimia 5 tu ya simu ya 5,000 mAh, yaani 250, zitafika kama 190, karibu asilimia 19 ya betri yake. Kwa simu isiyo na data wala kioo kikubwa, hiyo inatosha kupiga na kupokea simu hadi kesho yake. Bibi akipiga kutoka kijijini akasema simu yake inazima, na mjukuu aliye naye ana simu ya kupangusa yenye OTG, msaada upo bila kutembea hadi kibanda cha kuchajia. Kwa njia ya bila waya hili haliwezekani kabisa.

Zipo pia simu za betri kubwa zilizotengenezwa kwa makusudi haya. Tecno Pova 6 Pro, kwa mfano, ina 6,000 mAh na inatoa hadi wati 10 kwa waya, zaidi ya mara mbili ya Galaxy S23 Ultra. Ukiwa na simu ya aina hiyo swali la bila waya halina haja ya kuulizwa.

Pale ambapo kuzibana migongo kunashinda

Kuna hali tatu ambazo waya haufai kitu.

Ya kwanza ni tundu la chaji lililoharibika au lililolowa. Kwa wakazi wa pwani, wavuvi, na yeyote aliyenyeshewa kwenye bodaboda, hili si la kubahatisha. Galaxy ikigundua unyevu kwenye tundu inakataa kuchaji kwa waya na kuonyesha alama ya tone la maji, na inafanya vyema, kwa sababu umeme na maji ya chumvi ndani ya tundu vinakula pini hadi zinageuka kijani. Kama simu hiyo ina koili, chaji ya mgongoni inapita bila kuligusa tundu. Futa mgongo wake vizuri kwanza. Vivyo hivyo kwa simu ambayo sistimu chaji imelegea na fundi yuko mbali.

Ya pili ni pale ambapo wewe na mwenzako hamna waya wala kiadapta, na simu zenu kwa bahati zinafaa. Galaxy S na iPhone mezani, hakuna waya wa Lightning, ni usiku. Asilimia 14 ni bora kuliko sifuri.

Ya tatu ni vifaa vidogo: kasha la spika za masikioni linalopokea chaji bila waya, au saa ya Galaxy. Betri zake ni ndogo sana, kwa hiyo hata ikipotea nusu njiani hutaisikia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi halisi ya sifa hii, na kuchajia simu nzima ni matumizi ya dharura.

Utaratibu wake kwenye Samsung ni huu. Shusha paneli ya juu na uguse `Wireless power sharing`. Kwenye Pixel zenye sifa hii ni `Battery Share`. Vua kava za simu zote mbili, hasa zile nene na zenye kipete cha chuma nyuma, na toa kadi ya benki kama huwa unaichomeka hapo. Laza simu inayotoa kifudifudi, kioo kikiwa chini juu ya kitambaa safi, kisha weka inayopokea juu yake, mgongo ukigusana na mgongo, katikati kwa katikati. Koili za simu nyingi ziko katikati ya mgongo, chini kidogo ya kamera. Kamera zilizovimba huzuia migongo isikutane sawasawa, kwa hiyo sogeza simu ya juu ili kamera ya chini ibaki nje. Usipoweka kitu, sifa hiyo hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, na itabidi uiwashe upya.

Usiridhike na ule mlio au alama ya radi ya mwanzo. Andika asilimia za simu zote mbili, ziache dakika 15 bila kuzigusa, kisha soma tena. Kama ya chini imeshuka 5 na ya juu imepanda 1, koili hazijalingana au kuna joto. Zisogeze nusu sentimita, jaribu tena. Kama simu zimekuwa za moto kiasi cha kukera mkono, ziache zipoe. Simu zenyewe hupunguza au kukata chaji joto likizidi, hivyo kuendelea kuzibana ni kupoteza chaji ya anayetoa. Mchana wa joto wa Dar au Mombasa, ndani ya basi lisilo na kiyoyozi, hili linatokea haraka. Samsung pia wanaonya kwamba mawimbi ya simu na data yanaweza kuyumba wakati wa kurushiana, kwa hiyo usitegemee kupokea simu muhimu katikati ya shughuli hii. Na ndani ya basi lenyewe, barabara ikiwa ya mashimo, koili hazitakaa pamoja. Waya unakaa.

Usalama na kikomo cha anayetoa

Katika jambo moja bila waya iko mbele: haina njia ya mafaili. Kati ya simu hizo mbili unapita umeme tu. Waya wa kawaida una nyuzi za data pia. Ukimwomba mtu usiyemjua akuchajie kwa waya, acha simu yako ikiwa imefungwa kioo, na ikikuuliza kama uruhusu kifaa kingine kufikia picha au data zako, kataa. Chaji itaendelea kuingia vilevile. Android nyingi zinaanza zikiwa kwenye hali ya kuchaji pekee, kwa hiyo hatari inaanzia pale unapogusa kibonye cha kukubali.

Anayetoa naye ajilinde. Samsung na Pixel zote zina kikomo kwenye mipangilio ya betri: ukifika kiwango ulichochagua, kurusha kunakoma. Kwenye Samsung kiwango cha kuanzia huwa asilimia 30. Huo ni upande mwingine ambao njia ya bila waya imepangwa vizuri, kwa sababu ya waya kwenye simu nyingi inaendelea kutoa mpaka uichomoe. Weka kengele ya dakika 40 kwenye simu yako, vinginevyo mtaishia wote wawili gizani.

Kabla ya yote hayo, muulize mwenzako anahitaji chaji kwa ajili ya nini. Kama ni kutuma pesa au kupiga simu moja, na laini yake ni ya kadi na si eSIM, kuihamishia kwenye simu yenye chaji kunachukua dakika mbili. M-Pesa ya `*150*00#` inaifuata laini, haiifuati simu, na hiyo asilimia 20 inabaki kwa mwenyewe. Kama anahitaji tiketi iliyo kwenye picha, ramani, au WhatsApp yenye ujumbe wa anayempokea, hapo ndipo simu yake yenyewe lazima iwake: tafuta waya kwanza, na usipoupata, vueni kava.